Robo saba za sukari: kisa cha siku mbili za majaribio dukani kwa shangazi

Shangazi yangu ana duka la rejareja Kihonda, Morogoro. Ni duka la kawaida la mtaani: unga, mchele, maharage, sukari ya kupima, mafuta ya kupima, sabuni za mche, vocha, na simu ya uwakala wa pesa kwenye kona. Ndani ya mwaka mmoja waliondoka wasaidizi wawili. Wa kwanza aliaga kuwa anakwenda msibani, hakurudi. Wa pili, binti wa miaka 20, aliondoka kwa ugomvi wa shoti: kila gunia la sukari lilikuwa likirudisha pesa pungufu, shangazi akamkata 10,000 kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo, mpaka binti akaona kazi yenyewe haina maana.

Aliponipigia kuniomba nimtafutie mwingine, alikuwa na sharti moja tu: "Nataka mwaminifu." Nikamwuliza atamjuaje. Akasema mjomba amemfundisha: unaangusha noti ya elfu tano chini karibu na magunia, unajifanya huoni, unasubiri.

Mtego huo ni maarufu, na kwa maoni yangu hauna kazi. Anayejaribiwa siku ya kwanza anajua anaangaliwa; hata mwizi wa kudumu ataiokota na kukuletea, kwa sababu anataka kazi yenye droo nzima, si noti moja. Na mtu safi akigundua kwamba ile noti ilitegwa, umeshamwonyesha utakavyoishi naye. Siku ya majaribio haipimi wizi. Inapima vitu vinavyoonekana: hesabu ya kichwani, mikono, anavyokataa kukopesha, anavyofanya akirekebishwa, na namna anavyosema kosa lake. Mengine yanabaki kwa mazungumzo, na kwa kuwapigia waliowahi kufanya kazi naye. Hao nao huwa siwaulizi "ni mwaminifu?", maana kila mtu atajibu ndiyo ili asimharibie mwenzake riziki. Nauliza, "Akirudi leo kuomba kazi, utampokea?" Kimya cha kabla ya jibu kinatosha.

Walipatikana wawili, wote kupitia watu wa mtaani, wote wakiwa na barua ya utambulisho ya mwenyekiti wa mtaa. Kijana wa miaka 19 aliyewahi kuuza duka la mjini, na binti wa miaka 22 mwenye mtoto mdogo, ambaye aliwahi kuuza duka la jirani na stendi. Tukapanga kila mmoja aje siku yake, saa 1 asubuhi hadi saa 11 jioni, na saa nzima ya kula na kupumzika katikati. Malipo 10,000 na chakula, awe amepata kazi au hajapata, na waliambiwa hivyo tangu siku ya kuitwa. Shangazi alilalamika: "Nimlipe mtu ambaye bado simjui?" Lakini kutwa nzima ya kusimama dukani ni kazi. Wapo wenye maduka ambao huita watu watano kwa zamu "kuwajaribu" na kupata wiki nzima ya kazi ya bure, na mtaa unajua ni akina nani.

Tulichokubaliana na shangazi, na ndicho kilichookoa kisa hiki, ni kwamba wote wawili wapewe kazi zilezile. Asubuhi, wakati wa wateja wengi, wauze yeye akiwa pembeni. Wateja wakipungua, kama saa 4, wafungue gunia jipya la sukari la kilo 50 na kupima robo robo kwenye mifuko ya kaki. Jioni wafunge hesabu mbele yake. Kwenye droo tukaweka chenji ya 20,000, ikahesabiwa pamoja na anayejaribiwa kabla mteja wa kwanza hajaja. Daftari la madeni na simu ya uwakala hawakuvigusa. Mtu wa siku moja hapewi namba ya siri, na huko si kumdharau. Pesa ikipotea pale, hata yeye hatakuwa na namna ya kujitetea.

Kijana alikuja Jumanne. Mimi nilipita mchana na jioni tu, mengi nilisimuliwa. Alikuwa mwepesi. Mteja akitaja vitu vinne, jumla anayo kabla mfuko haujafungwa. Kuna baba mmoja alimwambia, "Niandike, mama ananijua," naye akajibu kwa tabasamu, "Mzee wangu, daftari leo limelala na mwenyewe, mimi ni mgeni." Shangazi alicheka mwenyewe aliponisimulia. Dosari yake ilikuwa moja: aliweka mfuko wa maharage uliofunguliwa ubavuni mwa sabuni za unga. Shangazi akamwambia maharage yatanuka, akahamisha. Alasiri nikayakuta palepale tena. Kosa la kwanza silihesabu. La pili baada ya kuambiwa, nalihesabu.

Jioni hesabu ilikaa sawasawa, hata mia haikupungua. Lakini shangazi alinivuta nyuma ya duka. Gunia la kilo 50 linatakiwa kutoa robo 200. Kijana alikuwa ametoa robo 194.

"Sita zimeyeyuka," alisema. "Na ni siku ya kwanza, baba."

Nilimwuliza kama alimwona akiondoka na kitu. Hapana. Kama kuna mtu alikuja kumwona. Hapana, ila kuna saa alikwenda kuswali. Basi hiyo saa ikawa ushahidi wote. Kijana aliondoka na 10,000 yake na lile neno "tutakupigia", ambalo kila anayetafuta kazi anajua maana yake.

Binti alikuja Alhamisi. Siku hiyo niliomba ruhusa kazini kwangu, nikakaa kwenye benchi la nje ya dirisha tangu asubuhi. Nakiri nilikwenda kumlinda, si kumwangalia anavyouza.

Alikuwa mzito kidogo kuliko kijana. Kila mara aliuliza bei, "Mama, hii sabuni ndogo shilingi ngapi?", na shangazi alianza kuchoka. Hapo kosa lilikuwa letu. Bei zote za duka lile ziko kichwani mwa shangazi, hakuna hata karatasi moja ukutani. Kijana alikuwa ametoka kwenye duka linalouza vitu vilevile kwa bei zinazokaribiana, kwa hiyo alionekana mjuzi. Tungekuwa tumeandika bei ishirini za vitu vinavyotoka sana, tungepima wepesi wa mtu badala ya kupima alikotoka. Tulilitambua hilo baadaye, likabaki somo la bure.

Saa 6 mchana akamwita shangazi pembeni. "Mama, nimekosea. Yule dada wa sabuni alinipa elfu mbili, mimi nikamrudishia kama aliyetoa elfu tano. Nimekumbuka ameshaondoka." Shoti ya 3,000, na ilikuwa bado mapema, angeweza kunyamaza na kuomba Mungu hadi jioni. Jioni hesabu ilisema hivyohivyo. Chenji ya asubuhi 20,000, mauzo kwenye daftari 131,500, jumla 151,500. Mtu wa mikate alilipwa 12,000, ikatakiwa ibaki 139,500. Droo ilikuwa na 136,500. Shangazi alitaka kuikata kwenye ile 10,000 yake ya siku. Nilikataa. Umemwita mtu ajaribu duka asilolijua, kwa bei zisizoandikwa. Shoti ya siku hiyo ni gharama ya mwenye duka.

Sasa sukari. Alianza saa 4 na robo, akachukua karibu saa mbili kwa kukatizwa na wateja. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Aliweka jiwe la robo sahani moja, mfuko sahani nyingine, akamimina mpaka mkono wa mizani ukatulia. Hakuna robo iliyotoka bila mteja. Alipomaliza tukahesabu: 193.

Shangazi aliniangalia, nami nikamwangalia. Watu wawili wasiofahamiana, siku mbili tofauti, mmoja ameangaliwa muda wote, na gunia limepungua karibu kiasi kilekile. Mwizi hana nidhamu ya namna hiyo. Hapo ndipo kazi ileile kwa wote wawili ilipolipa: tungempa kijana sukari na binti mchele, tungekuwa na tuhuma mbili badala ya jibu moja.

Zilibaki sababu tatu: gunia halifiki kilo 50, mawe ni mabovu, au mizani ina tatizo. Gunia lilikuwa rahisi. Tulimwomba mwenye duka la jumla apime la tatu mbele yetu kwenye mizani yake ya chini, likasoma 50. Mawe nayo hayakuchukua muda. Tuliazima jiwe la robo kwa jirani, tukaliweka sahani moja na la kwetu sahani ya pili. Upande wa kulia ukazama. Tukabadilishana mawe. Ukazama uleule wa kulia. Basi jiwe halina hatia. Mwisho tukaondoa kila kitu, mizani ikabaki tupu, na bado upande wa kulia, ule ambao shangazi huweka mawe siku zote, ulikuwa umeinama kidogo. Alikuwa akiuona muda wote. Alidhani meza ndiyo haijakaa sawa.

Niligeuza ile sahani. Chini yake kulikuwa na ukoko mweusi wa unga, mafuta na vumbi, umekauka kama ugali wa jana, upana wa kidole gumba. Tukaukwangua kwa kisu. Mizani ikakaa wima.

Hesabu yake ni hii. Gramu 50,000 zikigawanywa kwa robo 193 zinatoa gramu 259 kwa kila robo, badala ya 250. Ule ukoko ulikuwa unakaa upande wa mawe kama jiwe la ziada la gramu 9, na anayepima, awe mkweli kama malaika, lazima aongeze sukari gramu 9 ili mkono utulie. Anayeuza kilo nzima kwa mzani huo anapoteza gramu 9 kwa kilo. Anayeuza robo anazipoteza mara nne kwa kilo hiyohiyo. Ndiyo maana shangazi zamani hakuona kitu. Matatizo yalianza wateja walipohama kutoka kilo nzima na nusu kilo kwenda robo. Robo 200 mara gramu 9 ni kilo 1.8, yaani zile robo saba. Kwa bei yake ya 800 ni 5,600 kwa kila gunia, na kwa magunia mawili ya wiki ni zaidi ya 40,000 kwa mwezi. Hapo sijagusa mchele na maharage, yaliyopita kwenye mizani hiyohiyo.

Hakuna aliyelalamika, bila shaka. Mteja akipunjwa anapiga kelele mtaa mzima, akizidishiwa anarudi kesho. Mizani za biashara hukaguliwa na Wakala wa Vipimo kila mwaka, na ya shangazi ilikuwa na chapa yake, lakini ukaguzi ni siku moja na ukoko unajengeka siku zote. Kuiangalia ikiwa tupu kila asubuhi kabla ya mteja wa kwanza kunachukua muda wa kufuta meza.

Shangazi alikaa kwenye gunia la unga. Hakusema neno muda mrefu. Nilijua anahesabu miezi mitatu ya yule binti wa zamani.

Mazungumzo tuliyafanya jioni ileile, watatu, duka likiwa limefungwa nusu. Nilimwomba shangazi aanze yeye kusema ukweli. Kwa kawaida mwenye kazi huuliza maswali kumi, mwenye kuomba hujibu anachodhani kinatakiwa, na ukweli huja mwezi wa pili. Akamweleza: waliotangulia ni wawili na waliondoka hivi na hivi, duka linafunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 3 usiku, na shoti ya sukari aliyomtuhumia mwenzake imepatikana leo chini ya sahani. Binti alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

Kisha shangazi akauliza swali ambalo napenda kuliko yote: "Duka ulilotoka, siku hesabu ilipokataa, ilikuwaje?"

"Nilikatwa, mama. Sikuulizwa. Mara ya pili nikaacha mwenyewe."

Nilidhani shangazi ataudhika. Alitikisa kichwa tu, akamsukumia kikombe cha chai.

Tatizo likaja kwenye saa. Binti alisema wazi kwamba asubuhi anampeleka mtoto kwa bibi yake, hawezi kufika kabla ya saa 2, na usiku hawezi kabisa. Shangazi alikuwa na hesabu ya mtu mmoja atakayesimama tangu kufungua hadi kufunga. Hizo ni saa 15. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Nilipomwambia hivyo alisema maduka yote ya mtaa yanafanya vilevile. Ni kweli. Na maduka yote ya mtaa yanabadilisha wasaidizi kila baada ya miezi minne. Nadhani yule aliyesema anakwenda msibani alikuwa amechoka tu, hakuwa na njia ya kulisema.

Tukaivunja siku vipande. Shangazi huamka mapema hata bila duka, afungue yeye. Binti aingie saa 2 asubuhi, atoke saa 10 na nusu jioni, saa moja ya chakula katikati. Hiyo ni saa 7 na nusu, mara siku sita ni 45 kamili, Jumapili anapumzika. Jioni, ambayo ndiyo yenye wateja wengi na madeni mengi, shangazi auze mwenyewe akiwa amepumzika mchana. Mwanzo hakupenda. Alisema analipa mtu halafu saa ngumu anabaki peke yake. Lakini yeye ndiye anayewajua wadeni, na hakuna msaidizi wa mwezi wa kwanza anayeweza kumkatalia mzee wa mtaa saa 2 usiku.

Mshahara nao ulihitaji maneno. Aliokuwa akimlipa binti wa zamani, hata kabla ya makato, ulikuwa chini ya kima kilichowekwa kwa sekta ya biashara kwenye amri ya mishahara. Akakubali kupandisha, kwa sharti la mwezi mmoja wa majaribio kabla hajaanza kuachwa dukani peke yake.

Tuliandika karatasi moja, nakala mbili, kila mmoja akatia sahihi: majina, kazi yenyewe, mahali, tarehe ya kuanza, saa, mshahara na siku ya kuulipa, likizo ya siku 28 kwa mwaka, notisi ya siku 7 ndani ya mwezi wa kwanza na siku 28 baada ya hapo. Kifungu cha shoti ndicho tulichokaa nacho zaidi. Sheria haimruhusu mwajiri kukata tu. Lazima kuwe na makubaliano ya maandishi, hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi, apewe nafasi ya kujieleza kwanza, na makato yasizidi robo ya mshahara. Tukaandika hivyohivyo, tukaongeza la kwetu: hesabu inafungwa kila siku saa 10 jioni mbele ya wote wawili, na shoti isiyozungumzwa siku hiyo haizungumzwi mwisho wa mwezi.

Sitaki kumpamba binti. Kwa mauzo tu, kijana alimzidi, na kama shangazi angehitaji mtu wa usiku ningemtetea yeye. Siku ya pili yake nilimpigia, nikamweleza habari ya mizani na kumwomba radhi kwa ile jioni tuliyomwangalia kwa jicho baya. Alisema aliliona lile jicho. Halafu akaniambia alishapata kibarua mahali pengine, na kwamba hata hivyo mwezi wa kwanza anaingia chuo cha ufundi. Hilo hatukuwa tumemwuliza. Mazungumzo yake yaliishia kwenye robo 194.

Mwezi umepita. Gunia la kwanza baada ya kukwangua lilitoa robo 199, na yaliyofuata yamekuwa yakitoa 198 au 199. Moja au mbili humwagika sakafuni na kwenye mikunjo ya gunia, shangazi ameshaziandika kama kawaida ya duka. Bei zimebandikwa ukutani kwa kalamu ya wino mzito. Shoti zimekuwa mbili, ya 500 na ya 1,000, zote zimezungumzwa saa 10 jioni, hakuna iliyokatwa.

Ile 30,000 ya binti wa zamani, shangazi alikaa nayo wiki mbili akisema ataonaje uso wake. Nilimshauri ampigie kwanza. Hakupiga, alituma kwa simu, na jina la binti lilipotokea kwenye ujumbe wa kuthibitisha alinionyesha, kisha akaiweka simu kifudifudi mezani. Jioni binti akapiga mwenyewe, akauliza kama ametumiwa kwa makosa. Waliongea muda mrefu nyuma ya duka, na mimi nikauza mafuta ya kupima kwa bei niliyokuwa nikiisoma ukutani.